Hiyo filta yako si riso, bana

Nimechoka. Kila nikifungua simu naona mtu ameuza "Riso Pack" kwa shilingi 500. Ndani ni nini? Filta moja inayopaka picha bluu na machungwa, halafu inamwaga mchanga juu. Wanafunzi wa graphics hapa Kisumu wananunua. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina cheti cha kutisha mtu, lakini hii moja acha niiseme vizuri.

Najua kwa sababu niliitumia pia. Kikundi fulani kilinipa kazi ya posta ya sherehe yao pale Dunga. Nikampiga picha mama anayekaanga samaki, jioni, ziwa likiwa nyuma yake. Nikatupia filta, ikatoka kali sana kwa macho yangu. Posta ikabandikwa. Mama akaiangalia, akaniangalia, akasema: "Kijana yangu, mbona umenizamisha?"

Na kweli alikuwa amezama. Uso na maji vilikuwa rangi moja, kimebaki kitambaa cha kichwa kinaelea.

Nilirudi nyumbani nikapima pikseli. Shavu lake lilikuwa nyekundu 120, kijani 80, bluu 58. Maji nyuma yake yalikuwa 70, 95, 115. Kwa jicho, hizo ni rangi mbili tofauti kabisa, kahawia na bluu ya jioni. Lakini filta haisomi rangi. Kwanza inageuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, halafu inapaka rangi kulingana na mwangaza peke yake. Ukipiga hesabu ya kawaida ya mwangaza, shavu linapata karibu 90. Maji yanapata karibu 90. Kwa hiyo filta ilifanya kazi yake sawasawa: vitu viwili vya mwangaza mmoja, rangi moja. Sampuli nyingi za hizo paki ni Wazungu wamesimama mbele ya ukuta mweupe, ndio maana hapo huoni shida. Weka mtu mweusi mbele ya ziwa jioni uone.

Sasa riso yenyewe. Wengi wetu tumeiona shuleni bila kujua ni kitu cha fasheni. Ni ile mashine ya kuchapa mitihani, ile ya karatasi zinazoacha wino kwa kidole gumba. Inatoka kampuni ya Riso ya Japani. Mashine inatoboa stensili kwa joto, stensili inazungushiwa dramu, wino ulio ndani ya dramu unasukumwa kupitia vitobo hadi kwa karatasi. Dramu moja, rangi moja. Ile ya shule yetu ilikuwa na dramu nyeusi tu. Ukitaka rangi ya pili, unabadilisha dramu, unatengeneza stensili nyingine, unapitisha karatasi zilezile tena.

Shika hapo kwa stensili mbili, maana ndio siri yote. Riso ya rangi mbili si picha moja iliyopakwa rangi mbili. Ni picha mbili tofauti, zimelaliana.

Zinatoka wapi hizo picha mbili? Wino wa bluu unameza mwanga mwekundu. Kwa hiyo stensili ya bluu itoke kwa chaneli nyekundu ya picha: palipo giza kwenye nyekundu, weka bluu nyingi. Wino wa machungwa unameza mwanga wa bluu, basi stensili yake itoke kwa chaneli ya bluu. Inasikika kinyume, lakini rudi kwa mama. Shavu lake, nyekundu 120, linapata wino wa bluu asilimia 53. Bluu 58 inampa machungwa asilimia 77. Maji yanapata bluu 73 na machungwa 55. Umeona? Yeye ameenda machungwa, maji yameenda bluu. Ametoka ziwani. Na wino wa riso unapitisha mwanga, kwa hiyo pale rangi mbili zinapokutana zimejaa unapata rangi ya tatu, kijani kizito karibu nyeusi. Hakuna wino mweusi na hakuna wino mweupe. Nyeupe ni karatasi.

Hiyo ndiyo njia ya kukamata filta feki. Zuum kwa shati jeupe. Ukiona chembechembe zimetapakaa hadi hapo, huyo amemwaga mchanga juu ya picha iliyoisha. Chembe za riso ni wino wenyewe. Stensili haijui kijivu, ina kitobo au haina, kwa hiyo kila kijivu lazima kivunjwe kuwa nukta kabla rangi haijaguswa. Tena kila stensili ivunjwe kivyake, maana nukta zikifanana pande zote mbili zinaangukiana na rangi inakufa.

Halafu ile rangi kuteleza. Mafilta yanasogeza chaneli za RGB, unapata ukingo mwekundu huku na samawati kule. Hiyo ni TV mbovu, si riso. Kwa riso karatasi imepita mara mbili na haikukaa palepale, kwa hiyo stensili moja nzima imehama. Ukingo mmoja wa kitu unaonyesha rangi imetoka nje, ukingo wa pili unaacha pengo la karatasi.

Sitaki 500 yako. Mimi hutumia ImageMagick, ni ya bure na lapi yangu ya zamani inaiweza:

```
magick picha.jpg -resize 1080x -channel R -separate +channel -ordered-dither h4x4a +level-colors '#0078BF,white' bluu.png
magick picha.jpg -resize 1080x -channel B -separate +channel -random-threshold 0x100% +level-colors '#FF6C2F,white' chungwa.png
magick bluu.png chungwa.png -geometry +5-3 -compose Multiply -composite riso.png
```

Bluu nimeipa nukta za mpangilio kwa sababu ndiyo inabeba macho na mistari ya uso. Machungwa nimeipa chembe za ovyo. `+5-3` ndio mtelezo. Ukichukulia posta ni upana wa A5, pikseli tano hazifiki hata milimita moja. Usitie ishirini ati ndio ionekane, mtu atakuwa na pua mbili. Maandishi yaweke kwa stensili moja tu, bluu, la sivyo hayasomeki. Uso ukibaki mzito, weka `-gamma 1.3` kabla ya `-ordered-dither` kwenye mstari wa bluu, wino unapungua hapo.

Mambo mawili yatakuangusha. Ukipunguza saizi ya picha baada ya nukta, nukta zinageuka uji wa kijivu au mawimbi ya ajabu, kwa hiyo anza na saizi ya mwisho. Na ukituma kwa WhatsApp kama picha itaibana. Tuma kama dokumenti. Ukibahatika kupata mashine yenyewe, usiwapelekee `riso.png`. Wapelekee stensili mbili zikiwa nyeusi na kijivu, bila rangi na bila nukta, mashine ivunje yenyewe. Mtelezo pia uache, itakupa wake.

Posta nilirudia, bure, ni deni. Mama akaishika mbali kidogo na macho. "Sasa hii ni mimi." Akanyamaza, akaleta karibu. "Lakini sikio limetoka nje kidogo." Nikamweleza dramu, stensili, karatasi kupita mara mbili. Akasikiliza yote, akageuza ngege kwa mafuta, akaniambia nilirudishe ndani.