Mzigo Umezuiliwa: Barua Impasayo Mnunuzi

Wapo miongoni mwetu hapa Maskati wanaonunua vifaa vya umeme katika masoko ya Dubai na kuvisafirisha kwa wafanyabiashara wa Kariakoo, na wengi wao, siku wapatapo habari kwamba shehena imewasili Dar es Salaam ikazuiliwa na Shirika la Viwango Tanzania kwa kukosa cheti, humpelekea mnunuzi sauti fupi ya simu isemayo kuwa mzigo una shida kidogo bandarini, avute subira, mambo yatakaa sawa. Mnunuzi naye, aliyekwisha kutoa arubuni na pengine kuahidi wateja wake, hubaki hajui kama mali yake ipo, imetaifishwa, au haikupata kupakiwa melini. Tahariri hii yaeleza kilichomo ndani ya hiyo “shida kidogo”, na barua ambayo mnunuzi ana haki ya kuipokea.

Tangu mwaka 2012 Tanzania Bara imekuwa na utaratibu wa bidhaa za aina kadhaa, vifaa vya umeme vikiwamo, kukaguliwa katika nchi zitokako kabla ya kupakiwa, na mawakala waliofunga mkataba na Shirika. Wakiridhika na majibu ya maabara na hali ya bidhaa zenyewe, ndipo hutoa cheti cha ulinganifu, ambacho watoaji mizigo hukiita CoC. Shehena ifikayo bighairi ya cheti hicho haihesabiwi kuwa mbovu kwa sababu hiyo peke yake, illa hupaswa kukaguliwa pale pale ifikapo, sampuli zichukuliwe zikapimwe maabara, na mwenye mali alipe gharama za ziada. Kwa hiyo yumkini mzigo ukawa katika moja ya hali tatu zisizofanana kabisa: unangoja karatasi, unangoja majibu ya maabara, au umekwisha kukataliwa. Muuzaji asiyemwambia mnunuzi ni hali ipi kati ya hizo hajamwambia kitu.

Hapa ndipo inapotokea ahadi ambayo sisi twaiona mbaya kuliko kunyamaza, nayo ni ya muuzaji kusema, “Nakitafuta cheti, nitakutumia wiki hii.” Cheti hicho hutolewa kabla ya safari, baada ya mkaguzi kuiona shehena kwa macho yake; meli ikishatia nanga Dar es Salaam, hakuna mkaguzi wa Dubai awezaye kukiri kuwa ameyakagua makatoni asiyoyaona. Anayeahidi kukileta ama hajui utaratibu, ama amepata mtu wa kumchapia karatasi, na karatasi hiyo, kwa kuwa kila cheti kina namba yake iliyowekwa katika kumbukumbu, haitapita dirisha la kwanza, na tangu hapo jambo la ukaguzi litakuwa limegeuka jambo la kughushi.

Tuseme shehena ni ekstensheni 400 za mita 5, katika makatoni 20, kila moja ikiwa na plagi ya miguu mitatu bapa ya kiwango cha Uingereza, BS 1363, inayotumika Tanzania kama itumikavyo hapa Omani. Juu ya waya pamechapwa “13A” na “3G1.25”, yaani nyuzi tatu, mojawapo ikiwa ya ethi, kila uzi ukiwa na shaba ya milimita mraba 1.25, ambayo ndiyo ipasayo mkondo wa ampea 13. Aghalabu kasoro haionekani kwa kutazama maandishi. Uzi wa milimita mraba 0.5 hufaa ampea 3 tu, na ukifunikwa plastiki nene hufanana na ndugu yake mnene. Maabara huutambua kwa kupima ukinzani wake, maana shaba ikiwa nyembamba ukinzani huzidi. Mtu akiunganisha humo jagi la kuchemshia maji na pasi kwa pamoja, waya huchemka kabla ya fyuzi ya ampea 13 kukatika, kwa kuwa fyuzi haijui kwamba waya ni mwembamba kuliko ilivyoandikwa. Zipo pia zenye soketi ya matundu matatu na nyuzi mbili tu ndani, ethi ikiwa pambo, na zipo za alumini iliyopakwa shaba, ambazo mtu akizikwangua kwa kisu huona weupe chini ya wekundu. Muuzaji mwenye ekstensheni moja iliyosalia dukani anaweza kuipasua usiku huo huo, na akaijua khatima ya shehena yake kabla ya majibu kutoka.

Akishaipasua, na aandike. Barua yenyewe haihitaji ufasaha mwingi. Twadhani yaweza kuwa hivi:

“Kwa ndugu yetu mpendwa, assalaam alaykum. Nakuarifu kwa masikitiko kwamba ekstensheni 400 ulizoniagiza zimefika Dar es Salaam, ziko salama, lakini zimezuiliwa na Shirika la Viwango kwa kuwa nilizipakia bila ya cheti cha ulinganifu. Hazijakataliwa. Cheti hicho sasa hakiwezi kupatikana tena, kwa hiyo njia iliyobaki ni ukaguzi wa hapo hapo. Pamoja na barua hii nimeambatisha ankara, orodha ya makatoni, nakala ya hati ya shehena, na ripoti ya maabara niliyopewa na kiwanda. Tafadhali mpe wakala wako wa forodha leo, aombe ukaguzi kwa jina lako, maana wewe ndiwe mwingizaji. Gharama za ukaguzi na za kuweka mzigo bandarini zilizosababishwa na upungufu huu ni juu yangu. Nakusihi usipokee fedha za wateja kwa mali hii mpaka majibu yatoke, na iwapo hayatoridhisha, nitakurudishia arubuni yako yote.”

Mtu atauliza kwa nini muuzaji ajitwike gharama, ilhali mauzo yalikuwa ya CIF, ambapo hatari ya safari humhamia mnunuzi tangu mali ipakiwapo melini, na taratibu za kuingiza nchini huwa ni kazi ya mnunuzi. Ni kweli kuhusu dhoruba na wizi. Lakini cheti ni jambo ambalo muuzaji peke yake alikuwa na uwezo wa kuliomba, akiwa na mali mkononi, na lau mkataba haukulitaja, lawama ya kutolitaja haimwangukii aliye mbali.

Ripoti ya kiwanda, fauka ya hayo, isichukuliwe kuwa ni ngao. Itafaa kama imetoka maabara iliyothibitishwa kwa kiwango cha ISO/IEC 17025, na kama namba ya modeli iliyomo ndiyo ile ile iliyochapwa kwenye plagi. Tofauti ya herufi moja yatosha kuifanya kuwa ripoti ya bidhaa nyingine.

Majibu yakiwa mema, mzigo hutoka. Kasoro ikiwa ya maandishi tu, mathalani lebo isiyotaja mtengenezaji, Shirika laweza kukubali irekebishwe. Ikiwa ni ya waya, hakuna marekebisho: khiyari hubaki baina ya kuirejesha mali nje kwa gharama ya mwenyewe na kuiteketeza. Ekstensheni ya dola 6 mara chache huwa na thamani ya nauli ya kurudi.

Na wakati hayo yote yakingojwa, saa mbili zinakwenda pamoja: ya bandari, inayotoza uhifadhi, na ya kampuni ya meli, inayotoza kontena lake lisiporudishwa kwa wakati. Hakuna hata moja isimamayo kwa sababu Shirika limeshika mzigo, na siku za bure huhesabiwa bila kujali kama mnunuzi ameshaambiwa. Wakala mwema huomba kontena lipakuliwe, mali iwekwe ghalani chini ya udhibiti wa forodha, ili angalau saa ya pili ikome. Lakini hawezi kuliomba hilo kabla hajaipata ile hati ya shehena, na hati hiyo, mara nyingi, bado imo ndani ya droo ya muuzaji hapa Maskati.