Igawa na msimbo wa Plus: Kwa nini jina la mahali lina uzito sawa na herufi

Kata ya Igawa iko katika Halmashauri ya Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, kando ya barabara kuu ya Tanzania–Zambia, mahali barabara hiyo inapokutana na Mto Mbarali. Anayetafuta nyumba katika eneo hilo kwa miaka mingi ameelekezwa kwa alama: darajani, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, kabla ya kufika shuleni. Maelekezo ya namna hiyo humfaa mwenyeji. Dereva wa gari la wagonjwa anayefika usiku au msafirishaji wa vifurushi asiyeijua Mbarali hawezi kuyategemea, na alama zenyewe hazidumu. Igawa ndiyo mwanzo wa kipande cha kilomita 218 hadi Tunduma kilichomo katika mpango wa upanuzi wa barabara kuwa njia nne, na barabara inapopanuliwa, vibanda na miti iliyotumika kuelekeza wageni huondoka.

Serikali ilianza kulijibu tatizo hilo kitaifa tarehe 8 Februari, 2022, pale Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua jijini Dodoma Operesheni ya Anwani za Makazi, miezi michache kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti mwaka huo. Anwani ya makazi ina sehemu kuu tatu: namba ya nyumba, jina la barabara au mtaa, na postikodi yenye tarakimu tano. Tarakimu ya kwanza ya postikodi huonesha kanda, na tarakimu mbili za mwanzo huonesha mkoa, ambapo Iringa ni 51 na Mbeya ni 53. Zinazobaki huteremka hadi wilaya na kata. Taarifa hizo huhifadhiwa katika mfumo wa kidijitali wa NaPA.

Sambamba na mfumo huo, wananchi wengi wenye simu janja hukutana na anwani ya aina nyingine wanapofungua ramani: herufi na tarakimu chache zenye alama ya kujumlisha katikati. Huo ni msimbo wa Plus, ambao kwenye skrini huandikwa Plus Codes. Uliandaliwa na wahandisi wa kampuni ya Google na kutolewa mwaka 2014 ukiwa huria, kwa maana kwamba taasisi au mtu yeyote anaweza kuutumia bila kulipia wala kuomba kibali. Kabo Vede ni miongoni mwa nchi ambazo mashirika yao ya posta yaliukubali mapema. Mwananchi anapaswa kufahamu msimbo huo unafanya nini na unaishia wapi, kwa kuwa anayeutumia bila kujua mpaka wake anaweza kumpeleka mtu zaidi ya kilomita 100 mbali na alipokusudia.

Msimbo hautokani na orodha ya nyumba wala ya mitaa. Hutokana na hesabu ya latitudo na longitudo pekee. Dunia hugawanywa katika miraba mikubwa, kila mraba hugawanywa tena katika miraba midogo, na kila hatua huongeza jozi moja ya alama. Alama zinazotumika ni 20 tu: tarakimu 2 hadi 9 na herufi C, F, G, H, J, M, P, Q, R, V, W na X. Irabu ziliachwa ili msimbo usije ukaunda neno, na sifuri na moja ziliachwa kwa sababu huchanganywa na herufi zinazofanana nazo.

Chukua nukta moja ya eneo la Igawa, iliyoko latitudo 8.7688 kusini na longitudo 34.3821 mashariki. Msimbo wake kamili ni huu:

```
6G3P69JJ+FR
```

Alama nne za mwanzo, 6G3P, hutaja eneo lenye upana wa digrii moja, yaani takriban kilomita 110 kila upande. Alama 69 hulipunguza hadi kilomita tano na nusu, na JJ hulifikisha kwenye mita 275 hivi. Herufi mbili za baada ya alama ya kujumlisha, FR, huteua mraba wenye takriban mita 14 kwa kila upande, ambao ni ukubwa wa nyumba moja na sehemu ya uwanja wake. Mtu akihamia mraba unaofuata upande wa mashariki, herufi ya mwisho hubadilika kutoka R kuwa V. Akihamia ule wa kaskazini, F huwa G. Kwa kuwa hiyo ni hesabu tu, simu inaweza kuufasiri msimbo kamili hata pasipo na mtandao.

Alama kumi na moja hazikariri kwa urahisi, na hapo ndipo ufupisho ulipoingia. Ramani huondoa alama nne za mwanzo na badala yake huweka jina la mahali. Msimbo wa nukta ile huwa hivi:

```
69JJ+FR Igawa
```

Ufupisho huo unafaa, lakini una sharti. Alama 69JJ+FR hujirudia mara moja katika kila eneo la digrii moja, kokote duniani. Ili kujua ni ipi iliyokusudiwa, programu huanzia mahali palipotajwa kwa jina na kuchagua mraba wenye alama hizo ulio karibu zaidi na hapo. Jina huleta jibu sahihi iwapo mahali pake hapazidi nusu digrii kutoka kwenye nukta husika, sawa na takriban kilomita 50 kwenda kaskazini, kusini, mashariki au magharibi.

Kwa mkazi wa Igawa, sharti hilo si jambo dogo. Kwa mazoea, mtu anayejitambulisha kwa mgeni husema anatoka Mbeya, kwa sababu huo ndio mkoa wake, na kiutawala yuko sahihi. Hata hivyo, Jiji la Mbeya liko zaidi ya kilomita 100 kutoka Igawa. Akituma ujumbe ulioandikwa "69JJ+FR Mbeya", na programu ikachukua jina hilo kuwa ni Jiji, mraba wa karibu zaidi wenye alama hizo hautakuwa wa Igawa. Utakuwa 6G3M69JJ+FR, ulioko kilomita kama 17 kaskazini magharibi mwa Jiji, upande wa Milima ya Mbeya. Herufi moja tu ndiyo iliyotofautiana, M mahali pa P, nayo ni miongoni mwa zile zilizofichwa na ufupisho. Akiandika "Iringa", atapelekwa 6G4Q69JJ+FR, takriban kilomita 34 magharibi mwa Manispaa ya Iringa.

Jambo linalopaswa kuzingatiwa ni kwamba katika hali zote tatu ramani haitaonesha kosa lolote. Itaonesha nukta nyekundu, njia ya kufika na muda wa safari, kana kwamba kila kitu kiko sawa. Gari la wagonjwa linalotoka Rujewa, makao makuu ya wilaya iliyo jirani kabisa na Igawa, litaoneshwa safari ya saa kadhaa badala ya dakika chache. Ishara ya kwanza ya kosa, basi, ni umbali usiolingana na maelezo ya mpigaji simu. Anayepokea msimbo anapaswa kuuliza kata na wilaya kabla ya kuondoka. Anayetuma anapaswa kutaja Igawa au Rujewa, na si jina la mkoa. Na katika dharura ni salama zaidi kutuma msimbo wote wa alama kumi na moja.

Kosa la pili hutokea katika kusoma. Msimbo hauna tarakimu ya uhakiki, ile inayowezesha mfumo kugundua kwamba namba imekosewa. Herufi zilizopinduliwa hubaki kuwa msimbo halali wa mahali pengine. Mtu akisema RF badala ya FR, mgeni atafika takriban mita 136 kutoka nyumbani, umbali ambao sauti ya kuita bado inaweza kusaidia. Lakini akisema 96JJ mahali pa 69JJ, kosa ni kilomita 23 hivi. Kadiri alama iliyokosewa inavyokuwa karibu na mwanzo, ndivyo mgeni anavyopotea zaidi. Kwa sababu hiyo ujumbe wa maandishi hufaa kuliko kutamka kwa simu, ambako herufi kama G na J huchanganyika masikioni.

Kosa la tatu ni la simu yenyewe. Msimbo ni sahihi kama kipimo kilichouzaa. Simu iliyo chini ya paa la bati inaweza kukosea kwa mita nyingi, na mraba wa mita 14 hauachi nafasi kubwa ya makosa. Duara la buluu linalozunguka nukta ya mtumiaji kwenye ramani huonesha ukubwa wa shaka hiyo: likiwa limefunika nyumba tatu, msimbo uliosomwa unaweza kuwa wa nyumba yoyote kati ya hizo. Njia ya kuepuka hilo ni kusimama nje, kusubiri duara lipungue, kisha kubonyeza na kushikilia kidole juu ya mlango unaoonekana kwenye picha ya setilaiti, ndipo msimbo usomwe.

Hata ukisomwa bila kosa, msimbo hautaji nyumba. Nyumba mbili zilizobanana zinaweza kuangukia mraba mmoja, na boma moja kubwa linaweza kuwa na misimbo minne au zaidi. Msimbo haufahamu mkazi ni nani, mlango unatazama wapi, wala kama mraba uliotajwa uko ng'ambo ya Mto Mbarali, ambako mtu hawezi kufika bila kuzungukia darajani. Hauthibitishi umiliki wa ardhi, kwa kuwa hata jaruba la mpunga lisilo na jengo lina misimbo yake.

Hapo ndipo tofauti ya mifumo hii miwili inapodhihirika. Namba ya nyumba iliyobandikwa ukutani hutolewa na mamlaka, huhusishwa na jengo moja, na mtendaji wa kata anaweza kuithibitisha. Msimbo hutolewa na hesabu na huonesha sehemu ya ardhi, iwe na jengo au isiwe nalo. Namba humwambia mgeni kwamba amefika nyumba sahihi. Msimbo humfikisha mahali anapoweza kuisoma namba hiyo. Kwa mkazi wa Igawa, maelekezo yaliyokamilika ni yale yanayobeba vyote viwili: anwani ya makazi yenye namba, barabara na postikodi, pamoja na msimbo wa Plus ulioandikwa kikamilifu au kuambatanishwa na jina la Igawa.