Muhuri Si Ushahidi
Usiniambie, mwanafunzi, kwamba barua ni halali kwa kuwa ina muhuri. Tuseme umetumiwa kwa simu barua iliyoskaniwa, ya mwenyekiti wa kijiji, inayothibitisha mwenye kiwanja. Ikuze mara nne. Muhuri uliogongwa kwa mkono aghalabu hukolea upande mmoja na kufifia mwingine. Uliobandikwa kwa kompyuta huweza kuwa na wino sawasawa kote, na ukingoni utepe mweupe, mabaki ya karatasi ulikokatwa, unaokatiza hata mstari wa sahihi. Lakini usihukumu upesi: picha iliyobanwa hutia ukungu kando ya kila herufi. Ukingo huo ukiwa kwenye muhuri pekee, dai karatasi yenyewe kabla hujalipa hata shilingi.