MUHTASARI USIOSEMA KITU

Ripoti ya athari za mazingira aghlabu hujaa mamia ya kurasa, na mkaazi aliye jirani na mradi hawezi kuzisoma zote. Kwa sababu hiyo kanuni za mwaka 2005, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zilitaka ripoti ifuatane na muhtasari wa lugha nyepesi, kwa Kiswahili na Kiingereza. Ni haki njema. Lakini muhtasari waweza kuandikwa kwa Kiswahili fasaha na usimwambie mtu lolote.

Natutoe mfano. Tuseme kiwanda cha kuchakata samaki kinakusudiwa kujengwa ufukweni Nyegezi, na muhtasari wasema: "Athari za majitaka zitadhibitiwa." Je, mvuvi amefahamu nini hapo?

Majitaka ya samaki yana damu na mafuta, na yakioza ziwani hula oksijeni ambayo samaki huivuta. Ikiwa kiwanda chamwaga lita 200,000 kwa siku, na kila lita yahitaji miligramu 1,500 za oksijeni, ziwa litanyang'anywa kilo 300 kila siku. Kiwango cha Tanzania ni miligramu 30 kwa lita. Maji yakisafishwa mpaka hapo, kilo 300 zinakuwa 6. Baina ya hesabu hizi mbili ndipo ulipo uhai wa ufukwe, na khasa hizo ndizo zilizoachwa nje.

Kwa hivyo muhtasari wa kweli hauna budi kueleza mambo manne. Kwanza, bomba litatokea wapi, na maji yake yataelekea wapi. Kwani Butimba, jirani na Nyegezi, kuna chanzo kinachotoa maji ya kunywa ya mji. Pili, majengo yatakuwa mita ngapi kutoka ufukweni, maana sheria, kifungu cha 57, yazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Tatu, umeme ukikatika na mashine za kupuliza hewa katika mabwawa zikasimama, majitaka yatawekwa wapi. Nne, nani atapima, mara ngapi kwa mwezi, na mkaazi atayaona wapi matokeo.

Majibu haya hayahitaji utafiti mpya. Yapaswa kuwamo katika mpango wa usimamizi wa mazingira ulio ndani ya ripoti yenyewe, penye kila athari, dawa yake, mtu wa kuitenda na gharama yake. Mwenye kufupisha akiichukua athari na kumwacha mtendaji, ameifuta ahadi.

Wakaazi na wajihadhari na jambo moja zaidi. Daftari la mahudhurio la mkutano hubandikwa mwishoni mwa ripoti, liwe ushahidi kwamba wananchi walishauriwa. Anayetia saini na ahakikishe kwanza kuwa swali lake limeandikwa katika kumbukumbu za mkutano, kisha alipeleke kwa maandishi kwa taasisi ya taifa inayosimamia mazingira kabla cheti hakijatolewa. Saini isiyo na swali itasomwa kuwa ni ridhaa.