Tatizo la programu lifungwe na aliyeliripoti

Kama vijana wanaojitolea wamewatengenezea programu ya hesabu za kikundi, chukua somo hili.

Kikundi kimoja cha kuweka na kukopa hapa Mpanda kilikaribia kurudi kwenye daftari. Mwanachama aliyekopa shilingi 200,000 alirejesha 50,000, lakini programu ikaonyesha amebakiza 100,000. Mtandao ulikuwa umesumbua, mhazini akabonyeza "Tuma" mara mbili, malipo yakahesabiwa mara mbili. Malalamiko yalitumwa kwa sauti WhatsApp, yakafunikwa na salamu. Vijana wawili wakarekebisha jambo lilelile bila kuambizana, mmoja akafuta kazi ya mwenzake.

Kilichowaokoa ni jedwali moja la pamoja. Kila tatizo lina mstari wake: namba, kilichotokea, ulibonyeza nini, nani amelichukua, limefikia wapi. Wachora ramani wa OpenStreetMap hufanya hivyo kwenye Tasking Manager: ukichukua mraba, wengine hawaugusi, ukimaliza, mwingine anakagua.

Kijana aliyelichukua aliweka sharti: namba ya stakabadhi ikijirudia, programu ikatae. Akaandika "tayari". Mhazini akajaribu, bahati akaacha nafasi baada ya namba, malipo yakapita tena! Mstari ukafunguliwa upya. Programu ikafundishwa kuondoa nafasi kwanza, mhazini akajaribu tena, ndipo akaufunga.

Wapo wanaosema jedwali linawachosha wanaojitolea. Kwangu, kinachowachosha ni kurudia kazi. Ila jedwali halisahihishi salio la zamani. Hilo mlilinganishe na stakabadhi za karatasi, mwanachama mmoja mmoja.