Taa ya READY na Ukimya Unaodanganya

Miaka hii barabara za Dodoma zimeanza kupitisha magari ya namna ambayo wazee wetu wa udereva hawakufundishwa kuyasikiliza. Nayo ni magari mseto, ambayo mafundi huyaita haibridi: gari moja lenye injini ya petroli na mota ya umeme. Mengi yameletwa yakiwa yametumika Japani, na linalojulikana zaidi ni Toyota Prius, lililoanza kuuzwa huko mwezi Desemba 1997. Katika makala haya natetea maoni mawili. Kwanza, dereva na fundi wa gari la namna hii wanapaswa kuacha kulihukumu kwa sikio. Pili, taa ya hadhari ya betri kuu ichukuliwe kuwa ni swali, wala si hukumu.

Tuanze na gari la kawaida la petroli. Ufunguo ukizungushwa hadi hatua iliyo kabla ya kuwasha injini, taa nyekundu za betri na za mafuta ya kulainisha huwaka. Injini ikipata moto, taa hizo huzimika na mngurumo husikika. Kwa hiyo dereva ana shahidi wawili, jicho na sikio. Injini ikinyamaza, kila mtu anajua kwamba gari limezimwa.

Katika gari mseto shahidi wa pili hayupo. Dereva hukanyaga breki, hubonyeza kitufe cha kuwashia, kisha taa ya kijani yenye neno READY hutokea kwenye dashibodi. Pengine hupepesa kidogo, kisha hutulia. Tangu hapo gari liko tayari kwenda hata kama hakuna sauti yoyote. Ukiliweka kwenye gia na kuachia breki, litasogea. Tena, likiwa limesimama huku READY inawaka, injini yaweza kujiwasha yenyewe bila kuguswa na mtu, mara tu kompyuta itakapoona kwamba chaji ya betri kuu imepungua. Katika joto la Dodoma, mtu anapokaa ndani na kiyoyozi kinafanya kazi, jambo hilo hutokea upesi.

Hatari zake ni dhahiri. Fundi aliyeinama juu ya injini kimya, mkono wake ukiwa karibu na mkanda, hana kinga ila taa ile iwe imezimwa. Mtu aliyeliacha gari ndani ya banda lililofungwa, akidhani amelizima, aweza kujaza moshi wa sumu humo bila kujua. Ndiyo maana nasema kwamba kanuni ya kwanza iwe hii: gari limezimwa pale tu taa ya READY inapozimika, si pale masikio yanapopumzika.

Sasa tuje kwenye taa ya betri, ambayo ndiyo huwachanganya watu wengi. Gari mseto lina betri mbili. Ndogo ni ya volti 12, kama ile ya gari lolote. Kubwa, katika Prius ya kizazi cha pili iliyotoka mwaka 2003, ina visanduku 28, kila kimoja chenye seli 6 za volti 1.2. Mwanafunzi akizidisha 28 kwa 6 kwa 1.2 atapata volti 201.6, umeme wa kutosha kuua. Nyaya zake zimevikwa rangi ya machungwa ili zionekane.

Katika gari la petroli, taa nyekundu yenye picha ya betri ikiwaka safarini, fundi hutazama alteneta na mkanda wake. Prius haina alteneta. Betri ndogo huchajiwa na kifaa kinachopunguza volti za betri kubwa. Basi picha hiyo hiyo nyekundu humaanisha hitilafu katika kuchaji betri ndogo, wala haisemi lolote juu ya afya ya ile kubwa. Vilevile betri ndogo ikifa kabisa, taa ya READY haitawaka hata kama betri kubwa imejaa, kwa sababu swichi zinazoiunganisha betri kubwa huvutwa kwa umeme wa volti 12. Anayeilaumu betri kubwa hapo amemshitaki asiye na kosa.

Hitilafu ya betri kubwa hutangazwa kwa njia nyingine: pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao, taa ya injini, na ujumbe kwenye kioo, ambao katika magari mengi yaliyotoka Japani huandikwa Kijapani. Pembetatu hiyo ni mbiu ya jumla tu. Ili kujua jambo lenyewe ni lazima kompyuta ya gari isomwe kwa kifaa cha kupimia.

Tuchukue mfano. Gari limetoka Dodoma kuelekea Singida. Limevuka tambarare ya Bahi, na linapopanda kuelekea Manyoni pembetatu inawaka. Kifaa kinaonyesha P0A80, maana yake kwamba betri kuu ibadilishwe. Fundi mwenye haraka atatii. Fundi mwenye elimu atauliza: kompyuta imeona nini? Kompyuta huvipima visanduku 28 kwa jozi, yaani jozi 14, na hulalamika pale jozi moja inapoachana mno na nyingine. Tuseme wakati wa kukanyaga mafuta jozi 13 zinaonyesha volti 14.5, na moja inaonyesha 13.3. Pungufu ni volti 1.2, yaani seli moja. Basi seli moja kati ya 168 imekufa, na 167 zimehukumiwa pamoja nayo.

Lakini kwa nini ilikufa? Betri hiyo hupozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Katika uwanda wetu wa kati, wakati wa kiangazi, hewa hiyo hubeba vumbi jekundu jembamba. Vumbi huganda kwenye mapezi ya feni, upepo hupungua, na visanduku vya katikati, ambavyo ndivyo hupata joto zaidi, huchakaa kabla ya vingine. Kusafisha feni hakuwezi kufufua seli iliyokufa. Lakini anayenunua betri mpya na kuiweka juu ya feni ile ile iliyozibwa anainunulia maradhi yale yale.

Wako watakaosema kwamba haya ni ya mafundi, na kwamba mwanafunzi anatosheka na sheria ya Ohm. Mimi naona kinyume. Hesabu ya jozi 14 ni fizikia ya kidato cha pili au cha tatu, nayo huweza kumwokolea mwenye gari gharama kubwa. Jambo moja tu lisifanywe darasani: kuifungua betri. Hata baada ya gari kuzimwa na plagi ya usalama kuchomolewa, inveta huhifadhi umeme kwa dakika kadhaa, na kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa, mwenye glavu za kuzuia umeme. Mwalimu aanze na mlango wa dereva: awaonyeshe wanafunzi taa ya READY ikiwaka huku injini imenyamaza, kisha awaulize kama gari hilo limezimwa.