Kuhama kwa Muda, Kurudi kwa Maandishi

Boriti za dari zikioza katika nyumba ya mawe, hazibadilishwi hali watu wamo ndani. Mpangaji hana budi kuhama kwa muda. Hapo neno "mtarudi tukimaliza" huzaa ugomvi, kwani halina tarehe wala kodi.

Katika fiqhi ya ijara, kodi ni badali ya manfaa. Manfaa yakikatika, kodi nayo husita. Basi na yaandikwe kabla ya kuhama.

Tuseme kodi ni shilingi 12,000 kwa mwezi, na kazi ni ya miezi 3. Mkataba utaje kuwa upangaji haujavunjika, ila kodi imesimama tangu siku ya kutoka hadi siku ya kukabidhiwa ufunguo. Makao ya muda yakiwa ya 15,000, waafikiane mwenye nyumba alipe ile 3,000 iliyozidi. Mpangaji atarudi nyumba ile ile, kwa kodi ile ile. Na fundi akichelewa, masharti haya yaendelee.

Mama alipaye kodi aandikwe kwa jina lake. Pande mbili zitie sahihi mbele ya mashahidi, kila mmoja abaki na nakala yake.